Neno Lenye Maana Mbili Kwenye Kichwa cha Video: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wenye chaneli za Kiswahili kwenye YouTube: wafugaji, walimu, mafundi, wapishi, watu wa mbugani. Maswali ni yale yanayojirudia, na sehemu kubwa ya majibu inafuata mfano mmoja, wa video ya ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ndani yake mambo karibu yote ya somo hili yamo.

Kichwa changu kinasema ukweli mtupu. Kwa nini basi wanakuja watu wasiohusika?

Kwa sababu kichwa ni cha kweli kwa anayejua tayari unazungumzia nini, na mtazamaji mpya hajui. Mfugaji wa Rungwe akiandika "Jinsi ya Kuongeza Maziwa Haraka", yeye kichwani ana ng'ombe. Ameamka naye, amemkamua, na chaneli yake nzima ni ya ng'ombe. Lakini mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, mtoto analia na ziwa halitoi vizuri, anaandika maneno hayohayo kwenye kisanduku cha kutafutia. Yupo na wa tatu, anayetafuta namna ya kukuza matiti. Wote watatu wameandika "kuongeza maziwa", na hakuna aliyekosea Kiswahili.

YouTube inaeleza wazi kwamba kwenye utafutaji inapima mambo makubwa matatu: video inavyolingana na kilichoandikwa, watu wanavyoipokea, na ubora wake. Katika lile la kwanza, inalinganisha maneno ya mtafutaji na kichwa, maelezo, tagi na yaliyomo ndani ya video. Kichwa kikiwa na maneno yaleyale mawili yanayotumiwa na makundi matatu, video itaonyeshwa kwa makundi yote. Halafu mama anafungua, anamwona ng'ombe, anaondoka baada ya sekunde nne. Hakupata dawa yake, na wewe umepata mtazamaji aliyekimbia.

Si mtazamaji ni mtazamaji tu? Hesabu inapanda.

Inapanda kidogo, kisha inasimama. YouTube haiangalii kubofya peke yake, inaangalia pia mtu alikaa kwa muda gani na kama aliridhika. Wakija wengi na kuondoka mara moja, ujumbe unaofika kwenye mfumo ni kwamba video hii ikionyeshwa kwa watu wanaoandika "kuongeza maziwa", haiwafai. Shida ni kwamba miongoni mwa wanaoandika hivyo wamo pia wafugaji wenzako, na sasa hata wao hawaoneshwi.

Nitajuaje kwamba tatizo ni neno, na si video yenyewe kuwa mbovu?

Hili ndilo swali la kuanza nalo, maana tiba ni tofauti. Fungua YouTube Studio, chagua video, ingia `Analytics`, kisha sehemu ya `Reach`. Pale kuna orodha ya njia ambazo watu walipitia kuifikia video. Bonyeza `YouTube search` na utaona maneno hasa waliyoandika watu kabla ya kukufikia. Yasome moja moja. Kama kwenye orodha ya mfugaji wetu kuna "kuongeza maziwa ya mama", "kuongeza maziwa baada ya kujifungua" na "vyakula vya kuongeza maziwa kwa anayenyonyesha", jibu limeshapatikana, huhitaji mtaalamu.

Angalia pia `Suggested videos`, yaani video zilizowaleta watu kwako kama pendekezo. Kama jirani zako ni manesi na wakunga badala ya wafugaji, mfumo umekupanga mtaa usio wako.

Kisha nenda kwenye mstari wa muda wa kutazama. Video mbovu na kichwa chenye utata vinaacha alama tofauti. Video inayochosha inapoteza watu polepole: mstari unashuka kama mteremko, dakika baada ya dakika. Kichwa chenye utata kinawamwaga watu mwanzoni kabisa, mara tu picha ya kwanza inapoonyesha mada halisi, na baada ya hapo mstari unakaa karibu sawa hadi mwisho, kwa sababu waliobaki ndio waliokuwa wakikutafuta. Ukiona mporomoko wa ghafla ndani ya sekunde 30 za kwanza kisha utulivu, shuku kichwa kabla ya kushuku kamera yako. Tahadhari moja: utangulizi mrefu wa muziki na nembo nao unawakimbiza watu mwanzoni. Ndiyo maana mstari huo usomwe pamoja na orodha ya maneno ya utafutaji. Kimoja peke yake hakitoshi.

Kwa video ambayo bado hujaipandisha, fungua dirisha la faragha la kivinjari ili historia yako isikudanganye, andika neno lako kuu peke yake, na uangalie video kumi za kwanza. Kama nyingi ni za maana ile nyingine, umejua mapema.

Maneno gani ya Kiswahili yana hatari zaidi?

Ni mengi, na shule za Kenya zina jina lake kabisa: vitawe. Lakini mengi ya vitawe vya darasani hayakusumbui kwenye YouTube, kwa sababu neno la jirani linamaliza utata. "Jinsi ya kufunga tai" haimleti mpenzi wa ndege mla mizoga, kwani tai anayeruka hafungwi shingoni. Yanayouma ni yale ambayo hata sentensi nzima inabaki na sura mbili.

"Jinsi ya kupanda mti" ni mfano safi. Mmoja anataka kuchimba shimo na kuweka mche, mwingine anataka kufika juu. Sentensi ileile, sarufi ileile. "Jinsi ya kutengeneza mbuzi" nayo: fundi seremala wa Pwani anamaanisha kibao cha kukunia nazi, mpishi anamaanisha nyama kuanzia kuchinja hadi supu. "Mto mzuri" ni wa kulalia au wa kuvuka? "Ndege ndogo" ni chombo, ila asiye makini na sarufi anaandika hivyohivyo hata kwa kasuku.

Kundi la pili, na pengine baya zaidi siku hizi, ni maneno ambayo maana yake moja imekuwa jina kubwa. Simba ndiye mfalme wa kundi hilo. Ukipiga picha nzuri za simba Serengeti na kuandika "Simba Wafanya Mashambulizi Makali", umeingia uwanjani siku ya mechi bila tiketi. Simba SC ina mashabiki wengi mno, na video za mpira zinapandishwa kila saa.

Je, nikiongeza neno "mnyama"?

Kwa simba, usithubutu. Mnyama ndilo jina la utani la klabu hiyohiyo. "Simba mnyama" kwa shabiki wa Msimbazi ni sifa, si zoolojia. Ndiyo maana neno la muktadha, yaani lile la kuondoa utata, halichaguliwi kwa kamusi, linachaguliwa kwa kusikiliza wale wengine, wasio walengwa wako, wanasemaje. Andika "Simba wa Serengeti wawinda nyumbu usiku". Nyumbu hana timu, na "kuwinda" shabiki hulitumia mara chache.

Kibao nacho kina mtego wa aina hii. Seremala akikwepa "mbuzi" kwa kuandika "Kibao Kipya", amewaita wanaotafuta wimbo uliotoka wiki hii. "Kibao cha kukunia nazi" kinamtosha, kwa kuwa nazi inafunga milango yote miwili kwa mpigo.

Neno la muktadha ni nini hasa, na nalichaguaje?

Ni neno ambalo mlengwa wako angelitumia mwenyewe, na mtu wa maana ile nyingine hawezi kulitumia. Sharti zote mbili zitimie. Watu wengi hutimiza la kwanza tu.

Turudi kwa mfugaji. Kichwa chake cha awali ni "Jinsi ya Kuongeza Maziwa Haraka". Ndani ya video anaonyesha majani anayokata, pumba anazochanganya, na anavyoacha maji yapatikane bandani muda wote. Anataka kuongeza neno. La kwanza linalomjia ni "lishe": "Lishe ya Kuongeza Maziwa". Ni neno sahihi kwa mfugaji, lakini ni sahihi pia kwa kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo halijatenganisha chochote. La pili ni "asili": "Kuongeza Maziwa kwa Njia ya Asili". Hili ni baya zaidi, maana linawavuta wale wa matiti kwa mkono wa kulia na wanaonyonyesha kwa mkono wa kushoto.

La tatu ni ng'ombe. Hapa inaonekana kazi imekwisha: "Kuongeza Maziwa ya Ng'ombe". Subiri kidogo. "Maziwa ya ng'ombe" ni maneno ambayo mzazi anayataja pia anapotaka kujua lini ampe mtoto maziwa hayo na kwa kiasi gani. Yule mama uliyemfukuza kwa mlango wa mbele ameingia kwa mlango wa nyuma, safari hii na mtoto wa mwaka mmoja. Kinachotakiwa ni kumtaja ng'ombe kama mwenye kufugwa, si kama chanzo cha kikombe. "Kwa ng'ombe" ni bora kuliko "ya ng'ombe", ingawa tofauti ya herufi mbili haitoshi kuitegemea. "Ng'ombe wa kisasa" ni bora zaidi, kwa sababu hayo ni maneno ya zizini: ndivyo wafugaji wa Tanzania wanavyowaita ng'ombe wa maziwa wa kigeni na chotara wao. Hakuna mzazi anayetafuta uji wa mtoto kwa maneno hayo.

Kichwa kinakuwa hivi:

```
Kuongeza Maziwa kwa Ng'ombe wa Kisasa: Majani, Pumba na Maji
```

Herufi 60, pamoja na nafasi. Maneno ambayo wafugaji wanayaandika, "kuongeza maziwa", yamebaki mbele na pamoja. Ng'ombe yumo ndani ya herufi 27 za kwanza. Na pumba ni mlinzi wa ziada: anayenyonyesha hatafuti pumba. "Haraka" limetolewa, halikuwa likimsaidia mtu. Ng'ombe haongezi maziwa kwa haraka, na neno hilo ni la wauza dawa.

Lazima niongeze neno? Kichwa kinarefuka.

Si lazima. Mara nyingi ni bora kubadilisha neno kuliko kuliegemeza lingine. Mtu wa Pwani ana "kukwea mnazi", kitenzi ambacho hakina habari ya shimo na mche. "Kukwea mnazi kwa kamba" imemaliza. Anayepanda miche aseme "kuotesha" kama yuko kwenye kitalu, au aseme "miche" moja kwa moja: "Kupanda Miche ya Minazi". Ila angalia: neno lisilo na utata lakini lisiloandikwa na mtu ni hasara. Kukwea kunaeleweka vizuri Pwani. Bara wengi wataandika "kupanda mnazi" na hawatakupata. Basi weka kukwea kwenye kichwa na "kupanda mnazi kwa kamba kuangua nazi" kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo.

Ngeli si zinatosha? Ndege *wa* na ndege *ya* ni vitu viwili.

Kwa msomaji makini, ndiyo, na huu ni uzuri ambao lugha nyingi hazina. Kaa wa pwani ana miguu, kaa la moto linaunguza. Paa la nyumba linavuja, paa wa porini anakimbia. Mbuzi ya kukunia nazi haili majani. Andika upatanisho sahihi siku zote, kwa sababu macho ya Mswahili yanaupata papo hapo hata bila yeye kujua kwa nini.

Lakini usiutegemee peke yake, kwa sababu mbili. Mtafutaji haandiki upatanisho. Anaandika "ndege" au "bei ndege" au "kufuga ndege", na viunganishi hivi vidogo ndivyo vya kwanza kuachwa kwenye simu. Pili, wapo wengi wanaosema na kuandika "mbuzi ya" hata kwa anayelia mee, hasa Nairobi na bara ya Kenya, na hivyo "ya" haiwaambii kitu. Tena baadhi ya maneno yako ngeli moja kwa maana zote mbili. Mto wa Rufiji na mto wa kitandani vyote ni "mto wa", na wingi ni mito. Hapo ngeli imekaa kimya kabisa, lazima uweke foronya, sponji au usingizi upande mmoja, na daraja, mamba au mafuriko upande mwingine.

Neno la muktadha likae wapi?

Mapema, na karibu na neno lenye utata. YouTube inaruhusu herufi 100 kwenye kichwa, lakini kwenye simu kichwa hukatwa kabla ya hapo, na pale pembeni ya video inayoendelea kuchezwa hukatwa mapema zaidi. Chukulia kwamba herufi 50 za kwanza ndizo zako, zilizobaki ni bahati. Ukiandika "Jinsi Rahisi Sana ya Kuongeza Maziwa Ukiwa Nyumbani Bila Gharama kwa Ng'ombe", neno linalotenganisha limeangukia nje ya ukuta. Aliyeko kwenye simu hajamwona ng'ombe. Ameona "kuongeza maziwa ukiwa nyumbani", na sasa ana uhakika video ni ya matiti.

Nukta pacha inasaidia: mada upande mmoja, kinachofanyika upande wa pili. Mabano mwishoni mwa kichwa ni sehemu mbaya ya kuweka muktadha, ingawa ndipo watu wengi wanapoupeleka.

Picha ya jalada si inaonyesha ng'ombe? Kwa nini nijisumbue na maneno?

Picha inafanya kazi kubwa, na kama ng'ombe anaonekana vizuri, baadhi ya wasiohusika hawatabofya. Lakini ina mipaka. Anayetafuta kwa haraka na kwenye simu yenye kioo kidogo anasoma kichwa huku picha ikiwa bado inapakia kwa bando dogo. Video ikitajwa kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingine kinachofika ni kiungo na maandishi tu. Na asiyeona anasomewa kichwa na simu yake, picha haisomwi.

Kosa la kawaida ni kurudia utata kwenye maandishi ya picha. Kichwa kinasema "Kuongeza Maziwa", picha ina maandishi makubwa ya njano "ONGEZA MAZIWA SIKU 3", na ng'ombe amefunikwa na sura ya mtangazaji aliyeshangaa. Acha picha iseme kile ambacho kichwa hakikusema: ndoo, kiwele, majani yaliyokatwakatwa.

Nikiweka neno la kutenganisha, si nitapunguza watu?

Utapunguza, na ndivyo inavyotakiwa. Mara ambazo video inaonyeshwa zinaweza kushuka, kwa sababu imetoka kwenye mashindano ya makundi mawili kati ya matatu. Usiogope namba hiyo peke yake. Itazame pamoja na mbili nyingine: asilimia ya wanaobofya baada ya kuonyeshwa, na muda wa wastani wa kutazama. Kwa wastani wa YouTube wenyewe, nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10 za wanaobofya, kwa hiyo usilinganishe yako na ya mtu aliyejisifu mahali fulani. Linganisha na yako ya mwezi uliopita. Maonyesho yakishuka na hivyo viwili vikapanda, neno limefanya kazi. Vyote vitatu vikishuka, umechagua neno ambalo hata walengwa wako hawalitumii.

Maelezo na tagi vinaweza kubeba muktadha badala ya kichwa?

Vinaweza kusaidia, haviwezi kubeba. Maelezo yana nafasi ya herufi 5,000, na watu hujaza viungo vya mitandao yao. Sentensi mbili za kwanza ndizo zenye kazi, kwa sababu ndizo zinazoonekana bila kubonyeza. Ziandike kama binadamu: "Katika video hii mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anaonyesha anavyochanganya pumba na majani ili ng'ombe atoe lita zaidi asubuhi na jioni." Hapo umepata mfugaji, lita na kukamua kwa asubuhi na jioni bila kukilemea kichwa.

Tagi zina kazi ndogo sana, YouTube yenyewe inasema hivyo, isipokuwa pale neno linapokosewa tahajia mara kwa mara. Kwa Kiswahili hiyo si kazi ya kudharau. Watu wengi wanaandika "ngombe" bila kibainishi, wengine "n'gombe". Weka sura hizo kwenye tagi, usiziweke kwenye kichwa. Kuhusu hashtagi, chache zinatosha. Zikizidi 60 YouTube inazipuuza zote. Na `#maziwa` haina faida hapa, imerudia utata uleule. `#ufugaji` ndiyo yenye maana.

Watazamaji wangu wako Kenya na Tanzania. Neno moja lina maana tofauti kila upande.

Huu ni utata wa aina nyingine, na mwenye chaneli huwa hauoni kwa sababu kwake neno lina maana moja tu. "Zawadi kwa Bibi" ukiwa Dar es Salaam ni ya mama mzaa mama au mzaa baba, ukiwa Nairobi ni ya mke. Nyanya Nairobi ni bibi wa Dar, na pia ni ile ya kwenye kachumbari. Dengu za Tanzania ni zile punje za njano zilizonona, wakati Mkenya akisikia neno hilo anafikiria ndengu, zile za kijani ambazo Mtanzania anaziita choroko. Mapishi yatakayotoka ni mawili tofauti.

Hapa usitafute neno moja la kuwaridhisha wote. Weka la upande wako kwenye kichwa pamoja na kitu kinacholifafanua, kisha la upande wa pili kwenye maelezo. "Choroko za Nazi" kwenye kichwa, na sentensi ya kwanza iseme kwamba Kenya zinaitwa ndengu. Mfugaji wetu naye ana kazi hii: majani yake anayaita mabingobingo, na mfugaji wa Nyandarua anayaita nepia. Kichwa kimeandika "majani" makusudi, majina mawili yamekaa kwenye maelezo. Kama chaneli nzima ni ya upande mmoja, usihangaike na hili.

Maneno yangu yanagongana na lugha nyingine, kama *panda*. Nifanyeje?

Kichwa cha neno moja au mawili ndicho kinachoumia. "Panda" peke yake kwa YouTube ni dubu mweusi na mweupe wa China, huna ubavu naye. Andika sentensi, hata fupi, yenye maneno ambayo ni ya Kiswahili tu: "Jinsi ya kupanda vitunguu kwenye tuta". Kisha kwenye mipangilio ya video, chagua Kiswahili pale panapoandikwa `Video language`. Watu wengi wanaacha pameandikwa Kiingereza kwa sababu simu yao iko kwa Kiingereza. Ukitaka pia wageni, Studio inakuruhusu kuongeza kichwa na maelezo ya lugha nyingine kwa video hiyohiyo, hakuna haja ya kubandika lugha mbili kwenye mstari mmoja na kupoteza nusu ya herufi zako 50.

Na kama utata ni wa makusudi?

Uache. Mchekeshaji anayeandika "Nimepigwa Kibao" kisha anatoa wimbo amefanya kazi yake. Vitendawili, mafumbo na majibizano ya taarabu vinaishi kwa neno lenye pande mbili, na wanaovifuata wanakuja kupitia jina la chaneli, si kupitia utafutaji. Hata hivyo mwalimu anayefundisha vitawe asijifiche nyuma ya mfano wake. "Kaa, Paa na Ua" inavutia kwake tu. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anaandika "vitawe", basi neno hilo litangulie.

Video ya zamani yenye kichwa kibaya: niibadilishe au niipandishe upya?

Badilisha kichwa. Kiungo hakibadiliki, maoni na hesabu ya watazamaji vinabaki. Ukiipandisha upya unaanza na sifuri, tena una video mbili zinazogombania wafugaji walewale.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa kichwa na picha siku moja, hutajua kipi kilifanya kazi. Andika tarehe na kichwa cha zamani mahali, maana Studio haikuoneshi historia ya vichwa vyako. Halafu iache kwa wiki nne hivi kabla ya kurudi kwenye orodha ya `YouTube search`, kwa kuweka muda uanzie tarehe uliyobadilisha. Unachotafuta ni mabadiliko ya maneno yenyewe: "maziwa ya mama" yapungue, na "ng'ombe", "pumba", "chakula cha ng'ombe" yaanze kupanda juu.

Wakati mwingine hayapandi. Video iliyokaa miaka miwili ikipendekezwa pembeni ya video za wanaonyonyesha itaendelea kupelekwa huko kwa muda, kwa sababu mapendekezo yanafuata historia ya watu kuliko kichwa. Hapo kinachosaidia ni video mpya mbili tatu zenye vichwa safi kuhusu ng'ombe haohao, zikiunganishwa kwenye orodha moja ya kucheza na ile ya zamani, ili wafugaji wanaozifikia wapitilize hadi kwenye ile.